Mkupuo, siku au elfu: bei tatu za bango moja

Orodha ya bei niliyotumiwa WhatsApp ilikuwa na mistari mitatu tu. Bango la juu, mwezi mzima, shilingi 600,000. Bango hilohilo kwa siku, 40,000. Na kwa anayetaka kulipia mionekano, 5,000 kwa kila mionekano 1,000, kuanzia mionekano 100,000. Chini yake kuna namba ya simu na maneno "bei inazungumzika".

Tovuti yenyewe ni ya habari za Arusha na Kilimanjaro: ajali za barabara kuu, madiwani, mechi, nafasi za kazi, nani kafariki na mazishi lini. Nilikuwa namtafutia shangazi yangu nafasi. Yeye anakodisha mahema, viti, meza na vyombo vya shughuli kutoka Pasua, Moshi, na msimu wake mkubwa ni Desemba, watu wakirudi nyumbani kwa harusi, kipaimara na vikao vya ukoo. Alikuwa ametenga laki tano za tangazo na hakutaka kusikia habari ya kuongeza hata mia.

Watu wengi wakipewa orodha kama ile huchagua mkupuo wa mwezi. Unaeleweka haraka, unafanana na kodi ya fremu: unalipa, unakaa, mwezi unaisha. Mimi sipendi kuchagua kabla sijazigeuza bei zote tatu ziwe za aina moja, na aina inayofaa ni gharama ya kila mionekano 1,000. Unachukua pesa yote utakayolipa, unaigawa kwa idadi ya mara ambazo bango lako litaonyeshwa, unazidisha kwa 1,000. Hesabu ni nyepesi. Kazi iko kwenye ile idadi, kwa sababu anayeitoa ni muuzaji.

Tulikutana na mwenye tovuti Arusha, kwenye mgahawa karibu na Mnara wa Saa. Kijana mstaarabu, anaandika habari nyingi mwenyewe, anajua kila diwani kwa jina. Akafungua kompyuta mpakato yake akanionyesha namba ya kwanza: zaidi ya milioni tatu kwa mwezi. Nikaomba aigeuzie kwangu. Ilikuwa ni takwimu za seva, zile unazozikuta kwenye cPanel, na safu aliyokuwa akiisoma ilikuwa `Hits`. Hiyo huhesabu kila faili seva inalotoa. Ukurasa mmoja wenye picha ishirini, mafaili ya mtindo na nembo unaweza kuandikisha thelathini au arobaini kwa msomaji mmoja aliyefungua habari moja. Tena roboti za kutafuta nazo mara nyingi zimo humohumo. Hakuwa ananidanganya, alikuwa anaamini kabisa kwamba hao ni wasomaji.

"Kaka, hii tuiache," nikamwambia. "Una Google Analytics?"

Alikuwa nayo. Tukafungua ripoti ya kurasa, safu ya `Views`, mwezi wa Septemba: 400,000 na ushee kidogo. Hiyo sasa ni kurasa zilizofunguliwa, na kwa bango linalokaa juu ya kila ukurasa ndiyo namba ya kuanzia. Usikubali skrinshoti kwenye hatua hii. Kaa pembeni yake abadilishe tarehe mbele yako, au akupe ruhusa ya `Viewer`, ambayo inakuwezesha kuona bila kugusa kitu. Mwenye tovuti asiyetaka lolote kati ya hayo mawili, mimi humuaga kwa heshima.

Nikafanya hesabu palepale nyuma ya risiti ya chai. Bango la mwezi lilikuwa linapokezana na matangazo mengine mawili, jambo ambalo orodha ya bei haikulisema na nililijua kwa kuuliza tu. Kwa hiyo kurasa 400,000 zinagawanywa kwa tatu, shangazi anapata kama 133,000. Laki sita kwa mionekano hiyo ni 4,500 kwa kila elfu. Bango la siku lilikuwa la mtu mmoja peke yake, na 400,000 kwa siku 30 ni kama 13,300 kwa siku, kwa hiyo 40,000 ya siku ni sawa na 3,000 kwa elfu. Na bei ya mionekano ilishaandikwa yenyewe: 5,000. Ukiishia hapo, siku ndiyo rahisi, mwezi unafuata, na elfu ni ghali kuliko zote.

Lakini Septemba ilikuwa na kilima. Kwenye mchoro wa siku kwa siku, mstari ulikuwa unakwenda chini chini, halafu siku tatu ukapanda kama mtu anayeiendea Kibo, kisha ukashuka. Nikamwomba apange kurasa kwa wingi wa wasomaji. Habari moja, ya ajali ya basi, ilikuwa imesambazwa kwenye makundi ya WhatsApp hadi ikavuta kurasa 120,000 peke yake. Watu walioingia kwa ajili yake walisoma, wakatoka, hawakurudi. Ukiiondoa, Septemba ina 280,000. Tukaangalia Julai: 275,000. Agosti: 290,000. Basi mwezi wa kawaida wa tovuti hii ni 280,000, na 400,000 ni bahati ambayo huwezi kuilipia mapema ukitegemea itajirudia.

Rudia hesabu kwa 280,000. Mwezi: theluthi yake ni 93,000 na kidogo, laki sita inakuwa kama 6,400 kwa elfu. Siku: wastani wa 9,300, kwa hiyo 40,000 inakuwa kama 4,300 kwa elfu. Elfu inabaki 5,000 ileile, kwa sababu hiyo haijali watu wameingia wangapi, inahesabu walioonyeshwa. Orodha haijabadilika hata herufi, lakini mwezi ulioonekana kuwa katikati sasa ndio ghali kuliko zote, na bei ya elfu ni rahisi kuliko huo kwa mbali. Kinachozitofautisha hizi bei tatu ni nani anabeba hasara wasomaji wakipungua, na nani anakula faida wakiongezeka. Kwa mkupuo na kwa siku, hasara na faida ni za mtangazaji. Kwa elfu, ni za mwenye tovuti: wasomaji wakipungua atachukua muda mrefu zaidi kukumalizia mionekano yako, wakiongezeka atamaliza haraka na kuiuza nafasi kwa mwingine.

Ndiyo maana mwenye tovuti mwerevu haiuzi kwa bei ya kawaida ya siku ile wiki ya Kilimanjaro Marathon, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, wakati watu kutoka nchi nzima wanatafuta matokeo, picha na habari za barabara zilizofungwa Moshi. Siku hizo huzipandishia bei au huziuza kwa elfu. Na ndiyo maana mtangazaji mwerevu hujaribu kuzinunua kwa bei ya kawaida mwezi Novemba, kabla mwenzake hajafungua kalenda.

Turudi kwa shangazi. Nilipompigia kumweleza kwamba tovuti inafunguliwa kurasa elfu tisa kwa siku, alinyamaza kidogo akauliza, "Sasa mwanangu, hao elfu tisa, wangapi wanakodi hema?"

Swali lake lilikuwa bora kuliko maswali yangu yote ya siku ile. Kwanza lilinilazimisha kupiga hesabu ya upande wake. Oda moja ya kawaida, baada ya kutoa gari, vijana wa kufunga na kufungua, na sabuni ya kuoshea vyombo, inamwachia kama 150,000. Tukitumia laki tano tunahitaji oda nne ili pesa irudi na chenji ibaki. Namba hiyo unatakiwa kuwa nayo kichwani kabla ya kukaa na mwenye tovuti, maana ndiyo inayokuambia ufike wapi na usimamie wapi. Ukienda bila hiyo utafurahia punguzo la asilimia ishirini kwenye kitu ambacho hata kwa nusu bei hakikulipi.

Pili, lilinifanya niangalie wasomaji wako wapi. Ripoti ya miji ilionyesha Dar es Salaam inaongoza, Arusha ikifuata, Moshi ya tatu. Kwa muuza mkate wa Moshi hiyo ingekuwa sababu ya kuondoka. Kwa mahema ni kinyume chake. Shughuli nyingi za Desemba uchagani zinalipiwa na watoto walioko Dar: kamati inakaa huko, bajeti inapangwa huko, na mtu mmoja anatumwa kutafuta bei za nyumbani kwa simu. Huyo ndiye mteja tunayemtaka, na anasoma tovuti ya nyumbani ili ajue kinachoendelea. Ila namba za miji uzichukue kwa makadirio tu. Anayetumia intaneti ya simu mara nyingi huonekana yuko Dar hata kama amekaa Himo, kwa sababu mtandao wa simu unatokea huko. Wanaotumia Wi-Fi ya ofisi au nyumbani ndio huonekana vizuri zaidi walipo.

Tatu, lilitupa tarehe. Desemba yenyewe tovuti inajaa, lakini anayerudi tarehe 22 ameshakodi hema zamani. Maamuzi hufanyika Novemba. Kwa hiyo mwezi mzima wa Desemba kwa mkupuo, ambao mwenye tovuti alikuwa ananisukumia kwa nguvu, ungenunua macho mengi yaliyochelewa. Na kwa kuwa kamati hukaa Jumamosi na Jumapili, anayetumwa kutafuta bei huanza kazi hiyo Jumatatu akiwa ofisini kwa bosi wake. Tukachagua Jumatatu, Jumanne na Jumatano kwa wiki nne, kuanzia wiki ya kwanza ya Novemba. Jumla siku 12.

Kwenye ununuzi wa siku, siku hazilingani, na bei inalingana. Kwenye mchoro wa yule kijana, nikiacha siku za ajali, Jumatatu hadi Jumatano zilikuwa na wastani wa kurasa 11,500, wakati Jumapili ilishuka hadi 5,500 hivi. Wote wanalipa 40,000. Anayenunua Jumapili analipa zaidi ya 7,000 kwa elfu, anayenunua Jumatatu analipa chini ya 3,500. Siku zetu 12 zilitarajiwa kuleta mionekano kama 138,000 kwa 480,000.

Nilijiuliza kama nichukue elfu, kwa vile 500,000 ingenunua 100,000 zilizohakikishwa. Ningechukua kama nisingeziamini takwimu, au kama ningekuwa na kitu cha kuuza mwaka mzima. Lakini bei ya elfu ina milango ya uani. Mwenye tovuti anaweza kukutimizia mionekano yako chini kabisa ya ukurasa ambako vidole haviteremki, au usiku wa manane, au kumwonyesha msomaji yuleyule mmoja bango lako mara kumi na tano kwa siku, na zote zinahesabiwa. Ukinunua kwa elfu taja mahali bango litakapokaa, saa, na kikomo kwa kila mtu. Mara tatu kwa siku inatosha kabisa kwa kitu kama mahema. Yeye hakuwa na uhakika angeweza kuweka kikomo hicho, na mimi sikutaka awe anajifunza kwa pesa ya shangazi.

Basi tukaanza kuzungumza. Nilianza na 35,000 kwa siku. Akacheka.

"Kaka, nikikupa hiyo, kuna mwenye duka la simu hapo chini analipa arobaini, ataniuliza nini?"

Nilimwelewa. Tovuti ndogo bei yake inajulikana mjini, akimshushia mmoja amewashushia wote. Na hata akishuka kwa shingo upande, ujue bango lako ndilo litakalosahauliwa siku ya kubanana. Mimi huona ni afadhali kumwachia bei yake na kuomba vitu ambavyo kwake havigharimu sana lakini kwetu vina uzito. Nikaomba vinne.

La kwanza, dhamana ya mionekano. Siku 12 zisipofika mionekano 120,000, anaongeza siku za bure mpaka zifike. Hapo nilikuwa nimegeuza ununuzi wa siku uwe na sakafu: tukipata zaidi ni faida yetu, tukipata kidogo tunajua hatutalipa zaidi ya 4,000 kwa elfu. Alisita kidogo, akaangalia mchoro wake, akakubali, kwa sababu alijua kwa siku hizo 120,000 zinafika. Angekataa, ningejua na yeye haziamini namba zake.

La pili, hesabu itoke kwenye Google Ad Manager, programu ya kuonyesha matangazo na kuyahesabu, ambayo alikuwa nayo lakini aliitumia kwa wateja wa elfu peke yao. Mabango ya mwezi na siku alikuwa anayabandika kwa mkono kama picha tu. Kwenye Ad Manager, tangazo la siku linawekwa aina ya `Sponsorship` kwa asilimia 100 na bei ya `CPD`. La elfu linawekwa `Standard` na `CPM`, likiwa na idadi ya kufikia. Huwezi kuwa na dhamana ya mionekano kwenye picha iliyobandikwa kwa mkono, maana hakuna anayeihesabu.

La tatu, bango la sherehe lisikae juu ya habari za vifo. Hili shangazi ndiye aliyelisisitiza, na alikuwa sahihi: picha ya hema lenye maua na maneno "Fanya shughuli yako ipendeze" juu ya habari ya watu waliokufa njiani ni matusi. Tulikubaliana kurasa za ajali na misiba zitoke kwenye orodha. Shangazi anakodisha mahema ya misiba pia, tena kwa wingi, lakini hakutaka kabisa kutangaza hilo kwenye mtandao. "Msiba watu wanakuja wenyewe," alisema.

La nne, katika siku hizo 12 hakuna tangazo lingine la mahema wala mapambo popote kwenye ukurasa. Hilo alilitoa bila hata kufikiri.

Upande wa pesa tulimaliza haraka. Nusu mwanzoni, nusu baada ya siku ya sita akishatuma ripoti. Hakuwa amesajiliwa VAT, kwa hiyo asilimia 18 haikutuhusu, ila uliza mapema, maana "480,000" ya mtu aliyesajiliwa inaweza kukugeukia kuwa 566,400. Nilimkumbusha pia kwamba biashara ya shangazi ina wajibu wa kuzuia asilimia 5 ya malipo ya huduma na kuipeleka TRA, hivyo mkononi atapata 456,000 pamoja na cheti cha zuio. Hilo linaleta ugomvi likisemwa siku ya malipo. Likisemwa siku ya maelewano, watu wananywa chai tu. Leseni yake ya TCRA ya maudhui ya mtandaoni aliitoa kwenye simu bila kuombwa mara mbili. Usione haya kuiomba. Tovuti ya habari isiyo na leseni inaweza kuondoka hewani katikati ya siku zako ulizokwisha kulipia.

Tukaandika yote kwenye ukurasa mmoja, tukapiga sahihi. Kulikuwa na mstari mmoja ambao uliokoa siku: siku ambayo bango halikuonekana kwa saa sita au zaidi inarudiwa.

Bango lenyewe tulitengeneza la ukubwa mbili, 320 kwa 100 kwa simu na 728 kwa 90 kwa kompyuta. Karibu wasomaji wote wa tovuti za namna hii wako kwenye simu, na nimeshaona mtu akilipia mwezi mzima bango pana ambalo kwenye simu halikutokea kabisa. Shangazi hana tovuti, kwa hiyo bango lilielekezwa WhatsApp yake kwa kiungo chenye ujumbe ulioandikwa tayari:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Habari%2C%20nimeona%20tangazo%20la%20mahema
```

Anayebonyeza anakuta maneno "Habari, nimeona tangazo la mahema" yamekaa tayari, anatuma tu. Shangazi hahitaji programu yoyote kujua mteja ametoka wapi, anasoma ujumbe. Kiungo hicho kwenye tovuti kiliwekwa alama ya `rel="sponsored"`, ambayo Google inaipendekeza kwa viungo vya kulipiwa. Yule kijana alikuwa anaiweka siku zote, na kwa hilo nilimheshimu.

Jumatatu ya kwanza, saa nne asubuhi, akanitumia skrinshoti: bango liko juu, linapendeza. Nikafungua mwenyewe kwenye simu. Ukurasa wa mwanzo lilikuwepo. Nikafungua habari ya juzi yake, nikakuta tangazo la mtu mwingine. Nikafungua nyingine ya wiki iliyopita, hilohilo la mtu mwingine. Kwenye ripoti ya Ad Manager, mionekano ya shangazi ilikuwa sifuri.

"Mimi naliona kila mahali," akasema kwenye simu, na alikuwa anasema kweli.

Alichokuwa amefanya, kwa haraka ya asubuhi, ni kubandika picha kwa mkono kama alivyozoea. Tovuti yake ni ya WordPress yenye programu ya kuhifadhi nakala za kurasa ili zifunguke upesi. Msomaji wa kawaida anapewa nakala iliyohifadhiwa, ikiwa na tangazo lililokuwepo siku nakala ilipotengenezwa. Lakini mwenye tovuti akiwa ameingia kama msimamizi, mfumo unampa ukurasa mpya kabisa. Yeye ndiye mtu pekee mjini aliyekuwa anaona bango la shangazi kwenye kila habari. Ukitaka kuhakiki, fungua tovuti kwa dirisha la faragha la kivinjari, kwa intaneti ya simu, na uchague habari ya zamani badala ya ukurasa wa mwanzo. Tatizo hilohilo ndilo linaloharibu mabango ya kupokezana: nakala ikihifadhiwa zamu ya mtangazaji wa kwanza ilipofika, kila mtu anaona wa kwanza mpaka nakala ifutwe, na wale wawili wengine wanalipia kivuli. Nikamuuliza kuhusu wateja wake wa mwezi. Alikaa kimya muda, halafu akasema ataliangalia.

Kufikia saa kumi alasiri alikuwa amefuta nakala zote na kuliweka tangazo kwenye Ad Manager, ambayo huliita tangazo upya kila ukurasa unapofunguka, kwa hiyo nakala haina madhara. Saa sita zilishapita, Jumatatu ile ikarudiwa. Aliilipa kwa Alhamisi ya wiki ya nne bila neno.

Ripoti ya mwisho ilikuwa na mionekano 126,400 kwa siku 12, sawa na kama 3,800 kwa elfu. Chini ya makadirio yangu, juu ya dhamana. Pungufu ilitokana na zile kurasa za ajali na misiba tulizoziondoa, ambazo sikuzitoa kwenye hesabu ya mwanzo, na kwenye tovuti ya habari za kwetu siyo chache. Safu ya `Active View` ilisema asilimia 58 ya mionekano ilikuwa imeonekana kweli, maana yake angalau nusu ya bango ilikuwa kwenye skrini kwa sekunde moja au zaidi. Hizo ni kama 73,000, na kwa hizo gharama ni kama 6,500 kwa elfu. Msomaji wa simu hupitisha kidole haraka, bango la juu kabisa linapotea kabla hajasoma kichwa cha habari. Ningekuwa na nafasi ya kuchagua tena ningelishusha bango chini ya aya ya pili, mahali ambapo jicho limeshatulia, hata kama kwenye orodha ya bei "juu" ndiyo inaitwa nafasi ya kifalme.

Waliobonyeza walikuwa 340. Waliotuma ujumbe kwa shangazi, 71. Wengi waliuliza bei wakapotea, wachache waliomba namba ya mtu wa mapambo, mmoja aliuliza kama anauza mahema ya kambi ya kupandia mlima. Walioweka oda na kulipa advansi walikuwa sita, wanne kati yao wakiwa Dar na shughuli zao Marangu, Kibosho na Machame. Kama laki tisa mkononi mwa shangazi kwa 480,000 aliyotoa, na aliniambia vyombo vilipungua mpaka akaazima kwa jirani.

Mwenye tovuti amenitafuta tena kuhusu Pasaka. Sasa anataka 50,000 kwa siku, na ameshaongeza kwenye orodha yake mstari unaosema mabango ya mwezi ni ya watu watatu. Nimemjibu kwamba 50,000 tutazungumza kama bango litakaa chini ya aya ya pili na dhamana itahesabu mionekano iliyoonekana, siyo iliyopakiwa tu. Amesema nimpe wiki aangalie `Active View` ya miezi mitatu iliyopita.